Mwaka wa bibi: kujaza jedwali la ukoo bila kubuni

Katika majedwali ya ukoo ninayoyapitia kutoka Lindi na Mtwara, kisanduku kitupu hakinisumbui. Kinachonisumbua ni kile kilichojazwa kwa kukisia bila kusema. Mtu anaona nafasi ya mwaka iko wazi, anaandika 1950 ili jedwali lipendeze. Baadaye mjukuu anaikuta 1950 hiyo na haulizi tena, kwa sababu inafanana kabisa na mwaka ulionakiliwa kwenye cheti.

Kwa hiyo natumia alama chache. Mwaka usio na alama, kama 1961, maana yake umesomwa kwenye hati ya wakati ule ule. "k." ni karibu na, yaani tumeukokotoa. Alama ya kuuliza maana yake tumeuliza wanaoweza kujua, hawajui. Dashi maana yake bado hatujauliza. Hizi mbili za mwisho watu huzichanganya, na hasara yake ni kubwa: dashi inakutuma kwa mzee ambaye bado yu hai, alama ya kuuliza inakwambia usimchoshe tena.

Chukua mfano wa bibi wa Mchinga, pwani ya Lindi. Kitambulisho chake kinasema 1 Julai 1950. Tarehe za 1 Januari na 1 Julai zitilie shaka kwa mtu wa umri huo. Mara nyingi ziliwekwa siku ya kujiandikisha, kwa kuwa fomu ilidai tarehe kamili. Usimuulize bibi "ulizaliwa lini". Muulize alikuwa anafanya nini siku ya kimbunga. Kimbunga cha Lindi kilipiga 15 Aprili 1952, na watu wa pwani hiyo walihesabia miaka kwacho.

Bibi anajibu kwamba alikuwa amembeba mdogo wake mgongoni, wakakimbilia nyumba ya mjomba. Kwa kitambulisho, siku hiyo angekuwa na mwaka mmoja na miezi tisa, angebebwa yeye. Mtoto wa kubeba mwenzake ana miaka sita hadi tisa hivi, kwa hiyo alizaliwa kati ya 1943 na 1946. Usiishie hapo, maana kumbukumbu moja inaweza kuwa ya dhoruba nyingine. Tafuta ya pili. Anasema Uhuru, Desemba 1961, ulimkuta akinyonyesha mtoto wa kwanza. Kwa hesabu yetu alikuwa na miaka 15 hadi 18, inakubalika. Kwa hesabu ya kitambulisho angekuwa na 11.

| Uhusiano | Mwaka | Mahali | Tumejuaje |
|---|---|---|---|
| Bibi mzaa mama | k. 1943–1946 | Mchinga, kijiji cha zamani | kimbunga 1952, Uhuru 1961, kitambulisho: 1 Julai 1950 |
| Mama yake bibi | kabla ya 1930 | ? | bibi ni mtoto wake wa tatu |
| Kaka wa bibi, tumbo moja | — | — | hajaulizwa |
| Babu mzaa mama | ? | Msumbiji, kijiji ? | wanawe wawili wameulizwa |

Majina nimeyaacha hapa. Kwenye lako andika yote, pamoja na jina la utotoni kama lilibadilika baada ya jando au unyago. Mwaka wa kitambulisho usiufute. Ukiufuta, atakayekikuta kabatini atadhani wewe ndiye uliyekosea.

Kimbunga hakifai kila mahali. Kwa Nachingwea uliza kuhusu mashamba ya karanga ya Waingereza ya mwishoni mwa miaka ya 1940. Kwa walioko kando ya Ruvuma, vita vya Msumbiji vilivyoanza 1964.

Mahali pa kuzaliwa pana mtego wake. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1973 hadi 1976 ilihamisha watu, na hati nyingi zimeandika kijiji kipya. Aliyezaliwa 1945 hakuzaliwa kwenye kijiji kilichopimwa 1974. Uliza jina la mahame, na miembe au kisima kilichobaki pale. Mkoa pia: Lindi ilimegwa kutoka Mtwara mwaka 1971, kwa hiyo andika kijiji kwanza, kisha "sasa Mkoa wa Lindi".

Kwenye uhusiano, neno "bibi" halitoshi, kwa kuwa dada zake bibi nao ni bibi. Andika njia nzima: dada wa bibi mzaa mama, baba mmoja, mama mbalimbali. Kwa Wamakonde, Wamwera, Wamakua na Wayao ukoo umefuata upande wa mama, kwa hiyo mjomba ndiye wa kumfuata kwanza. Safu ya mama yake bibi hapo juu ina alama ya kuuliza kwa sababu bibi mwenyewe na watoto wake wameulizwa, hawajui. Kaka wa bibi akishaulizwa, huenda ikabadilika, na tarehe ya kuulizwa iandikwe pembeni.