Laini mbili ndani ya simu moja: kwa nini moja inasikika vibaya, na uchague ipi ya kupigia

Mama mmoja muuza sambaza katika soko la Kadutu alitufikia kwenye taasisi na simu yake mkononi. Alikuwa na laini mbili, kila moja ya rezo yake. Ya kwanza alipigia wateja, ya pili alipigia watoto wake walioko Uvira. "Mwalimu," akasema, "hii namba ya pili haisikike muzuri. Ni kama mutu anazungumuzia ndani ya mutungi." Alikwisha kuamua kwamba rezo ile ni mbovu, na alitaka kuitupa kadi. Tulimwomba asubiri nusu saa, kwa sababu kisa chake tunakiona Bukavu mara nyingi, na mara nyingi kosa si la kadi.

Tuanze na jambo moja. Kipaza sauti cha simu ni kile kile, na spika ya sikioni ni ile ile. Laini zote mbili hutumia hivyo hivyo. Basi laini moja ikisikika vizuri na nyingine vibaya, usiende kwa fundi kubadilisha spika. Kinachotofautiana ni njia ambayo sauti inapitia kutoka kwenye simu hadi kwenye mnara.

Tulimwambia asimame mahali pamoja, ampigie binti yake yule yule, kwanza kwa laini ya kwanza, kisha kwa ya pili, huku akitazama alama zilizo juu ya kioo. Kabla ya kupiga, laini ya kwanza ilionyesha 4G. Ya pili ilionyesha E, na hiyo E ndiyo 2G, kizazi cha zamani cha rezo kabla ya 3G na 4G. Hapo tukashuku kitu, ila bado hatukujua kama ni kadi, rezo, au simu yenyewe.

Njia ya kujua ni rahisi na haihitaji chombo chochote: zima simu, toa kadi zote mbili, zibadilishe nafasi, washa, kisha rudia simu zile zile. Ubaya ukifuata kadi, tatizo ni rezo au mnara wake. Ubaya ukibaki kwenye nafasi ile ile, huku sasa ndani yake mna kadi nyingine, tatizo ni simu. Kwa mama huyu ubaya ulibaki kwenye nafasi ya pili. Rezo aliyokuwa akiilaumu ilisikika safi kabisa ilipohamishiwa nafasi ya kwanza.

Tukafungua mipangilio. Simu nyingi hapa kwetu ziko katika Kifaransa, kwa hiyo nitaandika maneno kama yanavyosomeka: Paramètres, halafu Réseau et Internet, halafu Cartes SIM, halafu unagusa laini unayotaka na kutafuta Type de réseau préféré. Majina hutofautiana kidogo kwa kila aina ya simu. Kwa Samsung tafuta Mode réseau chini ya Connexions, kwenye Réseaux mobiles. Nafasi ya pili ilikuwa imewekwa 2G pekee. Mtoto wake alikuwa ameiweka hivyo ili betri idumu. Tuliruhusu 4G, 3G na 2G kwa pamoja, na sauti ya binti ikarudi.

Kuna simu, hasa za zamani na za bei ndogo, ambazo nafasi ya pili imetengenezwa kwa 2G tu. Hapo chaguo la 4G halitaonekana hata ukitafuta siku nzima. Dawa yake ni kuweka laini unayozungumzia zaidi kwenye nafasi ya kwanza.

Lakini kwa nini 2G isikike kama mtungi? Sababu ya kwanza ni kwamba simu ya kawaida hupitisha sauti kati ya hezi 300 na 3400 tu. Herufi s na f zina nguvu yao juu ya hapo, ndiyo maana "sita" mtu husikia "fita", na bei ikitajwa mnarudiarudia. Simu mpya kwenye 3G au 4G, rezo ikiruhusu, hupitisha kuanzia hezi 50 hadi 7000, na sauti ya mtu hurudi kuwa ya mtu. Sababu ya pili ni msongamano. Katika 2G, mkondo mmoja wa mnara hugawanywa vipindi 8, kila mazungumzo na kipindi chake. Watu wakizidi, mnara unaweza kuweka mazungumzo mawili katika kipindi kimoja, na kila mmoja anapata nusu. Saa nne asubuhi sokoni sauti inakwaruza. Saa tatu usiku, mahali pale pale, inakuwa nzuri. Ukiona tofauti ya namna hiyo kwa saa, ujue ni msongamano, wala hakuna mpangilio wa simu utakaouondoa.

Siku mbili baadaye mama alirudi. Sokoni laini zote mbili zilikuwa nzuri, ila nyumbani kwake, chini ya mteremko, laini ya pili ilikatakata maneno. Hilo ni jambo lingine, na ni jambo la Bukavu hasa. Mji wetu ni wa vilima, na mawimbi ya simu hayapiti ndani ya kilima. Mnara wa rezo moja unaweza kukutazama uso kwa uso huku wa nyingine uko nyuma ya mgongo wa mlima. Ishara ikidhoofika, simu na mnara hupunguza kiasi cha sauti kinachotumwa ili mazungumzo yasikatike, na ndipo sauti inageuka ya chuma.

Usitegemee vile vijiti vya ishara, kwani kila kampuni inayotengeneza simu huvichora inavyotaka. Tazama namba yenyewe: À propos du téléphone, kisha État de la carte SIM, kisha Intensité du signal. Kwenye simu nyingi za Android unaweza pia kupiga hii:

```
*#*#4636#*#*
```

Namba huandikwa kwa dBm, kipimo cha nguvu ya ishara, na ina alama ya kutoa mbele: ikikaribia sifuri, ishara ni nzuri zaidi. Nyumbani kwa mama laini ya kwanza ilisoma −78, ya pili −108, zote zikiwa 3G. Tofauti ni 30, na kila 10 ni mara kumi: laini ya kwanza ilipokea nguvu mara 1000 zaidi. Linganisha laini zikiwa katika kizazi kimoja, kwa sababu 4G hupimwa kwa namna yake na namba zake huwa chini zaidi.

Basi kuhusu kuchagua. Katika Cartes SIM kuna sehemu ya Appels. Unaweza kuweka laini moja ya kudumu, au Toujours demander, ili simu ikuulize kila unapopiga. Mimi namshauri mtu wa laini mbili achague kuulizwa, kwa sababu hakuna laini iliyo bora kila mahali mjini. Ukiulizwa, chagua rezo ile ile ya unayempigia ikiwa ishara inatosha: sauti pana hupotea mara nyingi inapovuka kutoka rezo moja kwenda nyingine, na forfe yako mara nyingi ni nafuu ndani ya rezo.

Simu inayoingia haichaguliwi. Inakuja kwenye namba aliyoipiga mwenzako. Ikiingia kwenye laini dhaifu, mwambie akate, umpigie kwa nyingine. Mama huyu sasa akiwa sokoni hupigia watoto kwa laini ya pili, na akifika nyumbani hugusa ya kwanza. Kadi zote mbili bado anazo.