Pawa mita haioni mtawanyiko

Wiki iliyopita fundi kijana alinipigia simu: "Kaka, faiba ni nzima. Pawa mita inasoma vizuri. Hapa tatizo ni swichi." Sentensi hiyo nimeisikia mara nyingi mno, na kila mara kuna mtu anakaribia kununua swichi asiyoihitaji.

Alikuwa kwenye chuo kimoja kilicho juu ya kilima cha mawe hapa Mwanza. Walikuwa wametoa moduli za gigabiti 1 kati ya chumba cha seva na maktaba, wakaweka za gigabiti 10, aina ya 10GBASE-SR, juu ya faiba ileile ya maltimodi ya OM3. Tangu siku hiyo taa za swichi zinawaka kijani, ila mafaili yanakwama na hesabu ya CRC, yaani ya data zinazofika zimeharibika, inapanda kila dakika.

Nilisafisha konekta kwanza, kama kawaida. Hesabu ikaendelea kupanda. Nikafunga OTDR, kifaa kinachopima urefu wa faiba kwa mwanga: mita 620. Wao waliamini ni mita 400, kwa sababu ramani inaonyesha hivyo. Ramani hupima kwa mstari ulionyooka, lakini mtaro wa Mwanza huzunguka miamba.

Sasa hesabu ya mwanga. OM3 inaruhusiwa kupoteza hadi desibeli 3.5 kwa kilomita, hivyo mita 620 ni kama desibeli 2.2. Ongeza konekta mbili za nusu desibeli kila moja, unafika 3.2. Moduli ilikuwa inapokea takriban dBm -5, wakati SR inaweza kushuka hadi dBm -9.9. Kwa hiyo kijana alikuwa sahihi: mwanga ulikuwa unafika, tena wa kutosha.

Kinachonichosha ni kuishia hapo. Pawa mita hupima wastani wa nishati inayofika. Haijui nishati hiyo imefika kwa wakati gani. Kiini cha maltimodi kina upana wa mikroni 50, na ndani yake mwanga husafiri kwa njia nyingi kwa pamoja. Njia hizo hazifiki sawasawa. Pigo lililoondoka likiwa jembamba hufika limetanuka na kulalia pigo linalofuata; huo ndio mtawanyiko. Nishati ni ileile, pawa mita inaridhika, lakini mpokeaji hawezi tena kutenganisha sifuri na moja.

Kwenye gigabiti 1 kila biti hupewa pikosekunde 800, kwa hiyo utanukaji ule ulisameheka, ingawa hata hapo walikuwa wameshapita mita 550 za kiwango. Kwenye gigabiti 10 biti ina pikosekunde 97 tu. OM3 ina kipimo cha upana wa masafa cha 2000 MHz·km: gawanya kwa kilomita 0.3 unapata karibu 6,700 MHz, gawanya kwa 0.62 unabaki na 3,200, ambazo hazitoshi. Ndiyo maana kiwango cha SR kwenye OM3 ni mita 300.

"Basi tuvute OM4," akasema yule kijana. OM4 ina 4700 MHz·km, zaidi ya mara mbili, lakini kiwango chake ni mita 400 tu. Sababu ni kwamba kuna mtawanyiko wa pili: leza ya nanomita 850 haitoi rangi moja kamili, na kioo hupitisha kila rangi kwa kasi yake. Kwa mita 620, hilo peke yake linaweza kula karibu robo ya biti, na OM4 hailiponyi.

Nikiri pia kwamba nimewahi kuona OM3 ya mita 380 ikibeba gigabiti 10 bila kosa hata moja. Viwango huandikwa kwa ajili ya hali mbaya zaidi, na faiba nzuri huvipita. Lakini siwezi kuweka saini yangu kwenye bahati hiyo, maana ukibadilisha moduli moja huenda ikaisha.

Jaribio la kuthibitisha ni rahisi: rudisha moduli za gigabiti 1. Tulizirudisha, CRC ikasimama palepale.

Tukavuta singomodi ya OS2 katika bomba lilelile na kuweka 10GBASE-LR. Kiini chake ni kama mikroni 9, mwanga una njia moja, kwa hiyo mtawanyiko wa njia haupo. Kwenye nanomita 1310 ule wa rangi nao uko karibu na sifuri. Upotevu wa kebo ni robo desibeli. Kiwango ni kilomita 10, na kebo ya singomodi kwa kawaida ni rahisi kuliko OM3. Gharama iko kwenye moduli.

Mkuu wa kitengo aliogopa kwamba moduli ya kilomita 10 itaunguza pokezi kwa umbali mfupi hivyo. LR haiunguzi: nguvu yake ya juu kabisa ni dBm 0.5, na pokezi lake linavumilia hiyohiyo. Moduli ya kuogopa ni ER ya kilomita 40, inayoweza kutoa dBm 4 huku pokezi likikubali -1 tu. Hiyo usiifunge bila kipunguza mwanga cha desibeli 5.