Ukurasa uko kichwani, si machoni: pendekezo la wiki 12 za kusoma

Mwaka jana, karibu na kufunga shule, nilimwomba mtoto wa darasa la pili anisomee ukurasa wa kitabu chake. Alisoma bila kukwama, kidole kikifuata mstari. Nikamwonyesha neno moja la katikati, "kikombe", nikamwuliza hapa pameandikwa nini. Akanyamaza, akarudi mwanzo wa mstari na kunong'ona hadi akalifikia. Alikuwa amekariri ukurasa mzima.

Mwalimu mwenye watoto 70 hawezi kumgundua huyu kwa kusikiliza darasa likisoma kwa pamoja. Ndiyo maana pendekezo langu kwa shule linaanza na kumpima kila mtoto peke yake, kama dakika tano, kwa kadi isiyotoka kitabuni: silabi 10, maneno 10, aya ya sentensi nne, kisha hadithi fupi yenye maswali mawili. Pale anapokwama ndipo kundi lake lilipo, hata akiwa mrefu kuliko wenzake.

Kundi la silabi silianzishi na a, e, i, o, u. Wengi wanazijua hizo. Kinachowakwamisha ni mba, nda, mwa, na ile ng' ya ng'ombe, wanayoisoma kama ng ya ngoma. Basi naweka kadi mbili mbili: baba na bamba, goma na ngoma. Mtoto asome, kisha aniandikie bila kutazama.

Ratiba ni Jumatatu hadi Alhamisi, saa 2:00 hadi 2:40 asubuhi, makundi yote kwa wakati mmoja ili walimu wagawane. Jioni sipendekezi: watoto wana njaa, na wanaobaki hujiona wameadhibiwa. Dakika 10 ni za kadi za silabi, 15 za aya moja (mwalimu anasoma, wanasoma pamoja, kisha wawili wawili), 10 za imla ya maneno manne, na tano za mwisho mwalimu anawasomea hadithi. Ijumaa anajaza daftari la maendeleo, na aliyepanda ngazi anahamia kundi jipya Jumatatu inayofuata.

Tathmini inafanyika kabla ya kuanza, wiki ya 6, wiki ya 12, na tena baada ya likizo. Anayepima asiwe mwalimu wa kundi hilo, na kadi iwe mpya kila mara. Nilipojaribu mara ya kwanza nilitumia kadi ile ile mara tatu. Matokeo yalipendeza mno, mpaka nilipogundua kwamba watoto walikuwa wameikariri nayo!

Wapo wanaosoma aya yote vizuri na kukosa maswali yote mawili, hasa wanaozungumza lugha nyingine nyumbani. Hao hawahitaji silabi zaidi. Wanahitaji kuzungumza kuhusu hadithi kabla ya kuisoma. Na ambaye hajasogea kwenye silabi hadi wiki ya 6, kwanza namsimamisha nyuma ya darasa nimwulize anaona nini ubaoni, kisha namwita kwa sauti ya chini akiwa amenipa mgongo.