Oda ya Nansio: kijana kaona kijani, meneja anaona nyekundu

Kazi yangu ni kufunga mifumo ya oda kwa wasambazaji wa bidhaa hapa Mwanza, na lalamiko nalolisikia sana toka kwa mameneja ni hili: "mbona apu ilimruhusu kijana wangu kupiga oda, halafu kwangu inakuja inasema mteja kavuka limiti?" Wengi wanadhani mfumo umeharibika. Haujaharibika, shida ni kwamba simu na ofisi zilikuwa zinaangalia deni la saa tofauti.

Chukua mfano wa Ukerewe, namba nimeweka za mfano tu. Kijana wa mauzo kalala Nansio, asubuhi kafungua apu penye mtandao, ikashusha bei, stoku na madeni, akaingia vijijini. Saa nne yuko dukani kwa mama mmoja, mtandao hakuna, anapiga oda ya katoni 20 za sabuni kwa 24,000 na madumu 6 ya mafuta kwa 95,000, jumla 1,050,000. Limiti ya mali kauli ya huyo mama ni 2,000,000, deni lililoko kwenye simu ni 800,000, kwa hiyo nafasi ni 1,200,000 na apu inaonyesha kijani. Sawa kabisa. Ila mama alishapiga simu ofisini asubuhi hiyohiyo akaagiza vitu vya 300,000, karani akaingiza. Oda ya kijana inapanda kwenye seva saa kumi jioni akiwa amerudi mjini, na muda huo deni ni 1,100,000, nafasi imebaki 900,000, oda imezidi kwa 150,000.

Sasa meneja afanye nini? Kosa nnaloliona sana ni meneja kufuta katoni kimyakimya na kupitisha. Akikata katoni 7 oda inashuka mpaka 882,000, inaingia kwenye limiti, stoo inapakia, halafu mzigo unafika kisiwani mama anahesabu katoni 13 na anaanza kumgombeza kijana kwamba kamuibia. Mimi huwa nafunga sehemu hiyo, meneja hawezi kubadili namba ya oda ya awali, anaandika namba aliyoidhinisha pembeni yake pamoja na sababu, na oda inarudi kwa kijana kwanza ampigie mama. Mara nyingi mama mwenyewe anasema ngoja nirushe hiyo 150,000 kwa simu, malipo yakisoma oda yote inapita na hakuna aliyekata kitu.

Wakati oda inasubiri, mzigo wake uwe umeshikwa stoo lakini kwa muda maalum, mimi napenda mpaka mwisho wa siku ya kazi inayofuata. Usipoweka mwisho utakuta stoo imejaa sabuni na apu inawaambia vijana wote sabuni imeisha.

Kuna na hii ya oda kuingia mara mbili. Simu inatuma, seva inapokea, mtandao unakata kabla jibu halijarudi (ukiwa kwenye meli huko katikati ya ziwa hilo ni la kawaida), simu inadhani haijafika inatuma tena. Dawa ni namba ya oda itengenezwe na simu yenyewe pale kijana anapohifadhi, sio seva itoe namba ikishapokea. Seva ikiona namba ileile inajibu tu "ninayo" basi. Ukiona mteja ana oda mbili zinazofanana mpaka shilingi ya mwisho, zimeachana dakika chache, ujue aliyefunga aliiruka hiyo.

Rekodi ya ziara nayo isomwe kwa akili. GPS haihitaji bando, satelaiti inapatikana hata kisiwani, ila bila data simu inaweza kuchukua dakika kadhaa kujua ilipo, kwa hiyo usimfokee mtu kwa sababu alama ya kwanza imeanguka mbali na duka. Na sokoni ambako maduka yamebanana GPS haiwezi kukwambia aliingia lipi, hapo bandika kistika cha QR ukutani askani. Kinachonishtua mimi ni maduka matano yenye namba za ramani zinazofanana mpaka desimali ya sita, maana GPS ya kweli hucheza kidogo hata ukiiweka simu mezani, zikiganda hivyo ama kakaa sehemu moja apu ikarudia alama ya zamani ama anatumia programu ya kudanganya mahali.

Kwa hiyo kila oda ninaiwekea muda wa aina mbili, saa ya simu oda ilipopigwa na saa ya seva ilipopokelewa, na meneja anaziona zote. Pengo la masaa sita kutoka Ukerewe halinisumbui, pengo hilohilo likitoka Makoroboi katikati ya mji nampigia kijana kumuuliza. Saa ya simu mtu anaweza kuirudisha nyuma kwenye setingi, ndio maana apu inahesabu pia dakika zilizopita tangu simu iwashwe, hizo hazibadiliki hata akichezea saa, labda aizime simu na kuiwasha upya, na hilo nalo linaonekana.