Wateja kuongezeka si wateja kurudi

Wiki iliyopita nimeisikia tena, safari hii kwa dada mmoja wa Dar es Salaam anayeuza unga wa lishe kwa oda za WhatsApp. "Kaka, wateja wangu wanarudi sana. Januari walinunua watu 100, Juni wamenunua karibu 600." Nimeshaisikia kwa wauza viatu, kwa wauza vipodozi na kwa jamaa wa mitungi ya gesi, na kila mmoja alikuwa na grafu inayopanda. Grafu hizo ni za kweli. Ila hazisemi lolote kuhusu kurudi, na watu wanazitumia kuamua waongeze matangazo au wakope mtaji. Ndiyo maana nimekaa kuandika.

## Dhana: "Wanunuzi wa mwezi wanapanda, kwa hiyo wateja wanabaki"

Wanunuzi wa mwezi mmoja ni watu wa aina mbili waliomwagwa kwenye kapu moja: wapya wa mwezi huo na wa zamani waliorudi. Ukimwaga wapya wengi kila mwezi, kapu litajaa hata kama chini limetoboka. Kuwatenganisha kunahitaji jedwali la kohoti, ambalo mimi hupenda kuliita jedwali la marika. Walionunua kwa mara ya kwanza mwezi mmoja ni rika moja, kama vijana walioingia jando pamoja. Mtu habadilishi rika, hata akipotea miezi minne kisha akarudi.

Kulijenga hakuhitaji programu ya kununua. Unahitaji orodha ya oda kwenye Google Sheets yenye vitu viwili tu: namba ya simu ya mteja kwenye safu ya A na tarehe ya oda kwenye safu ya B. Kabla ya yote sawazisha namba za simu, kwa sababu mtu yuleyule ameandikwa pengine kwa 07, pengine kwa +2557, pengine kwa nafasi katikati, na jedwali litamhesabu kama watu watatu ambao hakuna hata mmoja aliyerudi. Kwa namba za Tanzania mimi huchukua tarakimu 9 za mwisho, naziweka kwenye safu ya C, kisha naendelea:

```
C2: =RIGHT(SUBSTITUTE(A2," ",""),9)
D2: =MINIFS(B:B,C:C,C2)
E2: =EOMONTH(D2,-1)+1
F2: =(YEAR(B2)-YEAR(D2))*12+MONTH(B2)-MONTH(D2)
```

D ni tarehe ya oda ya kwanza ya mtu huyo, E ni rika lake, yaani tarehe mosi ya mwezi alioanza, na F ni miezi iliyopita tangu mwezi huo. Oda ya kwanza ina 0, ya mwezi unaofuata ina 1. Kisha tengeneza pivoti, yaani jedwali la muhtasari: E iende kwenye mistari, F kwenye safu, na kinachohesabiwa kiwe C kwa `COUNTUNIQUE`. Usihesabu oda. Aliyenunua mara tatu mwezi mmoja bado ni mtu mmoja, na ukiona mahali asilimia imevuka 100, ujue ulihesabu oda.

Dada huyu alianza biashara Januari. Namba zake nimezizungusha kidogo ili hesabu ifuatike kwa urahisi:

| Rika | 0 | 1 | 2 | 3 | 4 | 5 |
|---|---|---|---|---|---|---|
| Januari | 100 | 40 | 30 | 26 | 24 | 23 |
| Februari | 140 | 49 | 35 | 29 | 25 | |
| Machi | 190 | 57 | 40 | 32 | | |
| Aprili | 250 | 65 | 42 | | | |
| Mei | 320 | 74 | | | | |
| Juni | 400 | | | | | |

Wanunuzi wa Juni wako kwenye ulalo, kutoka 400 kupanda hadi 23 ya Januari: 400, 74, 42, 32, 25 na 23. Jumla ni 596, ndiyo ile "karibu 600" yake. Sasa ondoa wapya 400. Wanabaki 196. Kabla ya Juni alikuwa ameshapata wateja 1,000, kwa hiyo kati ya kila watu watano aliowahi kuwauzia, Juni alirudi mmoja tu, hata mmoja kamili hafiki.

Kisha teremka na safu ya mwezi wa 1, ukigawa kila namba kwa ukubwa wa rika lake. Januari walirudi asilimia 40, Februari 35, Machi 30, Aprili 26, Mei 23. Safu ya mwezi wa 2 nayo inashuka hivyohivyo, kutoka 30 hadi karibu 17. Kila rika jipya linashika vibaya kuliko lililotangulia, na yote hayo yametokea ndani ya miezi ileile ambayo grafu yake ilikuwa inapanda. Akisimamisha kuleta wapya Julai, na marika yakaendelea kama yalivyozoea, nakadiria atakuwa na wanunuzi kama 250, si 600.

Jedwali hili linasomeka kwa njia tatu, na wengi wanajua moja. Ukisoma mstari kwenda kulia unaona rika moja linavyopungua, na cha kutafuta ni mahali linapotulia. Rika la Januari limekaa 26, 24, 23. Hao ndio wateja wake hasa. Ukisoma safu kwenda chini unalinganisha marika yakiwa na umri sawa, na hapo ndipo utajua kama biashara inaboreka. Ukisoma ulalo unaona mwezi mmoja wa kalenda kwa marika yote. Ulalo mzima ukizama kwa mpigo, usitafute kosa kwa wateja. Tafuta kilichotokea mwezi huo: bei ilipanda, mzigo uliisha, bodaboda wa kupeleka alikosekana.

Kwake hakuna ulalo uliozama. Kilichoshuka ni safu, kwa hiyo tatizo liko kwa watu wanaoingia. Nilimuuliza alibadili nini. Akasema tangu Machi anatoa punguzo kwa pakiti ya kwanza na analipia tangazo la punguzo hilo. Tukaligawa rika la Mei. Kati ya wale 320, waliotumia punguzo walikuwa 240, na Juni wakarudi 38, karibu asilimia 16. Walionunua kwa bei kamili walikuwa 80, wakarudi 36, asilimia 45. Yaani wateja wa aina ile ya Januari bado wanakuja na bado wanarudi. Wamefunikwa tu na waliofuata bei. Akanyamaza kidogo, halafu akauliza, "Kwa hiyo niondoe punguzo?"

Hapo nilimzuia. Mgawanyo huo hauthibitishi kwamba punguzo linafukuza watu. Anayelipa bei kamili huenda tayari ana mtoto wa miezi 7 na ameelekezwa na jirani, angerudi hata ukimpa punguzo. Unachoweza kusema kwa hakika ni kwamba gharama ya tangazo haifai kugawanywa kwa wateja 320. Igawe kwa waliorudi, ndipo uone kila mmoja amekugharimu kiasi gani. Ukitaka kujua punguzo lenyewe linafanya nini, mwezi mmoja wape punguzo nusu ya wanaouliza kwa zamu, huyu apate, anayefuata asipate, halafu subiri miezi miwili.

## Dhana: "Seli tupu ni sifuri"

Hili hunikera kwa sababu ni kosa la sekunde moja linaloharibu kazi ya siku nzima. Pembe ya chini kulia ni tupu kwa kuwa muda huo haujafika. Rika la Juni halijapata mwezi wa 1 bado, halijashindwa. Mtu akijaza sifuri ili jedwali "lipendeze", wastani unaanguka. Kwenye jedwali hapo juu, waliorudi mwezi wa 1 ni 285 kati ya watu 1,000 wa Januari hadi Mei, asilimia 28.5. Mwingize Juni na sifuri yake, unapata 285 kati ya 1,400, asilimia 20.4. Wateja wameondoka kwenye shiti bila kuondoka dukani.

Ndugu wa kosa hilo ni mwezi ambao haujaisha. Ukilitengeneza jedwali tarehe 12 Julai, ulalo wote wa Julai utaonekana kama msiba. Kata data kwenye tarehe ya mwisho ya mwezi uliokamilika. Na wastani wa mwezi wa 1 uupate kwa kugawa jumla kwa jumla kama nilivyofanya. Ukichukua asilimia tano ukazigawa kwa tano unapata 30.8, kwa sababu rika la watu 100 limepewa sauti sawa na la watu 320.

## Dhana: "Asiyenunua mwezi unaofuata ameshaondoka"

Inategemea pakiti inaisha lini. Mwenye unga wa wiki sita hawezi kuonekana kila mwezi hata kama hajawahi kununua kwingine, ndiyo maana kwenye biashara isiyo ya malipo ya kila mwezi mstari unaweza kushuka kisha ukapanda. Kwa vitu vya namna hiyo mimi hutumia miezi miwili miwili au robo mwaka.

Mwezi wa kalenda wenyewe pia ni mkali kwa wengine. Aliyeanza tarehe 30 Aprili akarudi tarehe 2 Mei anahesabiwa amerudi mwezi wa 1 baada ya siku mbili. Aliyeanza tarehe 1 Aprili akarudi tarehe 29 Aprili hahesabiwi popote, yuko mwezi wa 0. Kwa rika kubwa tofauti hizo hazisumbui sana, lakini kama wateja wako hukusanyika baada ya mishahara ya mwisho wa mwezi, hesabu kwa siku 30 tangu oda ya kwanza badala ya kalenda: `=INT((B2-D2)/30)`.

## Dhana: "Wateja wa mwanzo walikuwa waaminifu zaidi"

Kwa dada wa unga hili lina ukweli, kwa sababu kweli alianza Januari. Kwa wengi ni data iliyokatwa tu. Kuna muuza vipodozi aliyehamia mfumo mpya wa oda mwezi wa Julai baada ya kuuza kwa daftari miaka mitatu. Mfumo uliwaona wote walionunua Julai kuwa wapya, wakati wengi wao walikuwa wateja wake wa siku zote. Rika la Julai likawa kubwa ajabu na likarudi kupita mengine yote. Agosti na Septemba nayo yakabeba mabaki ya wazee waliokuwa wameruka Julai. Alikuwa ameshaanza kumlaumu msichana wa dukani aliyeajiriwa Oktoba. Tulichukua daftari, tukaingiza namba za simu za mwaka wa mwisho pamoja na tarehe zake, tukaijaza upya safu ya D. Kama daftari halipo, yaondoe marika matatu ya kwanza kwenye ulinganisho na uanze kusoma kuanzia la nne.