Sharpe na Sortino: kwa nini mwaka mmoja wa chati hautoshi

Malalamiko ya watu walionunua mifumo ya kufanya biashara kwa kusoma chati yanafanana sana: mfumo ulitangazwa kwa Sharpe ya juu na Sortino ya juu zaidi, vipimo viwili vya faida ikilinganishwa na hatari, na baada ya miezi michache akaunti ikaporomoka. Mnunuzi hudhani namba zilighushiwa. Zinaweza kuwa zimeghushiwa, lakini hata namba zilizokokotolewa kwa usahihi hupotosha zikitoka kwenye kipindi kifupi.

Chukua mkakati uliotoa, kwa miezi 12, asilimia 3, 2, −1, 4, 2, 3, −1, 2, 5, 1, 3 na 1. Wastani ni asilimia 2 kwa mwezi. Uwiano wa Sharpe hugawanya wastani huo, baada ya kutoa faida ambayo ungepata bila kubeba hatari, kwa mchepuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi miezi inavyotawanyika juu na chini ya wastani. Ili hesabu iwe nyepesi, tuifanye faida isiyo na hatari kuwa sifuri. Mchepuko ni 1.81, kwa hiyo uwiano wa mwezi ni 1.1. Kuugeuza kuwa wa mwaka, zidisha kwa kipeuo cha pili cha 12: unapata 3.8.

Sortino hugawanya wastani uleule, lakini kwa kipimo cha upande wa hasara peke yake. Kila mwezi ulio chini ya lengo, hapa sifuri, zidisha pengo lake kwa lenyewe. Miezi mingine iandikie sifuri. Jumlisha, gawanya kwa miezi yote 12, kisha tafuta kipeuo cha pili. Tunapata 0.41. Gawanya wastani wa 2 kwa namba hiyo, zidisha tena kwa kipeuo cha pili cha 12, na Sortino ya mwaka inakuwa karibu 17.

Hapa ndipo watu hukosea: kigawanyo cha jumla hiyo ni miezi yote, si miezi ya hasara tu. Wapo wanaochukua mchepuko sanifu wa hasara pekee. Katika mfano wetu hasara zote mbili ni −1, hazitofautiani, mchepuko wake ni sifuri na uwiano hauhesabiki kabisa.

Sasa ongeza mwezi wa 13 wenye hasara ya asilimia 10. Sharpe inashuka kutoka 3.8 hadi 1.0. Sortino inashuka kutoka 17 hadi 1.3. Mkakati haukubadilika. Sortino ya mwanzo ilisimama juu ya miezi miwili tu ya hasara ndogo, na miezi miwili haiwezi kukueleza hasara kubwa inafananaje. Wazo la kutomwadhibu mtu kwa kupanda kwa faida ni zuri, lakini kwa kipindi kifupi Sortino huyumba kuliko Sharpe. Tatizo huwa kubwa zaidi kwa mikakati inayochukua faida haraka na kuweka kikomo cha hasara mbali: hushinda mara nyingi, na hasara yake kubwa inaweza kuchelewa kuonekana.

Kipindi kirefu ni kipi? Kwa makadirio, kosa la Sharpe ya mwaka, yaani kiasi ambacho kwa kawaida hupotoka kwa bahati tu, ni 1 gawanya kwa kipeuo cha pili cha idadi ya miaka. Kwa mwaka mmoja kosa ni 1, hivyo mkakati usio na uwezo wowote unaweza kuonyesha 2 kwa bahati tu, takriban mara 1 kati ya 40. Ili Sharpe ya 1 itofautike na bahati, yaani iwe mara mbili ya kosa lake, unahitaji kama miaka 4; kwa Sharpe ya 0.5, kama miaka 16. Na tafadhali, kutumia data za kila siku badala ya kila mwezi hakuongezi miaka. Mwaka unabaki mmoja.

Hali huwa mbaya zaidi muuzaji anapojaribu mipangilio mingi ya wastani unaosogea wa bei na kutangaza ule uliong'ara. Ukijaribu mipangilio 100 isiyotegemeana na isiyo na uwezo, kwenye data za mwaka mmoja, tarajia ile bora ionyeshe Sharpe ya karibu 2.5.

Kabla ya kulipa, dai taarifa ya akaunti kutoka kwa wakala anayeshika fedha, si jedwali la muuzaji. Ionyeshe thamani ya kila mwisho wa mwezi, ikijumuisha biashara ambazo hazijafungwa, kwa sababu hasara iliyoachwa wazi haionekani kwenye orodha ya biashara zilizofungwa. Uliza ni mipangilio mingapi ilijaribiwa, lengo la Sortino lilikuwa lipi, na kama matokeo ni ya akaunti halisi au ya jaribio kwenye data za nyuma. Kuuza jaribio kana kwamba ni akaunti halisi ni upotoshaji, na adhabu yake hutegemea sheria ya soko husika. Usajili wa muuzaji hauthibitishi uwiano wake. Ukitaka kulalamika, hifadhi tangazo lenyewe pamoja na tarehe yake, mkataba na risiti. Bila tangazo hakuna cha kulinganisha na akaunti.