Tungamo si uzito: kwa mwanafunzi wa kidato cha kwanza

Tafadhali tuache kumwambia mtoto wa kidato cha kwanza kwamba masi ni uzito. Nimeisikia mno tafsiri hiyo, kwa walimu wa twisheni, kwa kaka na dada wanaosaidia kazi za nyumbani, hata kwenye madaftari yenye alama ya vema pembeni. Mtoto huyu amesoma miaka yote ya msingi kwa Kiswahili, na sasa fizikia anafundishwa kwa Kiingereza. Neno moja la Kiswahili lililowekwa mahali pasipo pake linamfungia mlango wa mada nzima.

Maana yenyewe ni fupi. Masi, ambayo kwa Kiswahili ni tungamo, ni kiasi cha maada kilichomo ndani ya kitu. Hupimwa kwa kilogramu na huandikwa m. Uzito ni kani ambayo dunia inakivuta nayo kitu hicho kuelekea chini. Huo hupimwa kwa nyutoni na huandikwa W.

Neno tungamo lina nasaba na kutungama. Damu hutungama, yaani hushikamana ikawa donge. Neno la Kiingereza nalo limetoka kwenye Kilatini, massa, lililomaanisha donge, hasa donge la unga uliokandwa. Lugha hizi mbili zimefika mahali pamoja bila kuulizana: zote zinatazama donge lenyewe, kile kilichoshikamana, bila kujali ni nani analivuta. Uzito umetoka kwenye -zito, na kuwa kizito ni jambo linalojulikana pale mkono unapoinua na kitu kikakataa kupanda. Ndani ya neno hilo tayari mna mvuto.

Tatizo linaanzia sokoni. Tangu utotoni mwanafunzi amesikia kwamba uzito wa gunia ni kilo 50. Akiambiwa masi ni uzito, anabaki na maneno mawili ya Kiingereza, mass na weight, na neno moja tu la Kiswahili la kuyabeba yote mawili. Kisha linakuja swali: kitu kina tungamo la kg 50, g, yaani kani ya mvuto kwa kila kilogramu, ni 10 N/kg, tafuta uzito. Anajibu kg 50, kwa sababu kwake swali limeshajijibu. Mwalimu anaweka mkasi na kusema hajui kuzidisha. Kuzidisha anajua. Hakuona kwamba kuna kitu cha kutafuta.

Tulichukue gunia hilohilo. W = mg, kwa hiyo uzito wake ni 50 × 10, nyutoni 500. Tulipeleke mwezini, ambako g ni karibu 1.6 N/kg. Uzito unashuka hadi nyutoni 80, na mtu angelibeba kwa mkono mmoja. Mchele haujapungua hata punje, kwa hiyo tungamo bado ni kg 50. Ukilipima kule kwa mizani ya sahani mbili, litalingana na mawe yaleyale ya kilo 50, maana mwezi unavuta pande zote mbili sawasawa. Ukilining'iniza kwenye mizani ya springi iliyotengenezwa kwa matumizi ya duniani, mshale utasimama kwenye kilo 8. Mizani ya springi inapima mvuto, kisha inatuandikia kilo.

Hata hapa duniani mvuto haulingani kila mahali. Mizani ya springi iliyorekebishwa mahali ambapo g ni 9.81, ikiletwa Mombasa ambako ni karibu 9.78, itasoma gunia la kilo 50 pungufu ya gramu 150 hivi. Ndiyo maana mizani nyeti hurekebishwa palepale inapotumika.

Na pale ambapo mizani haisomi kitu, tungamo bado lipo. Mwaka 1973, kwenye kituo cha anga cha Skylab, wanaanga walikuwa wakielea, lakini tungamo la miili yao lilipimwa. Mtu alikaa kwenye kiti kilichofungwa springi, kikaachiwa kiyumbe. Mwenye tungamo kubwa huyumba polepole zaidi, kwa sababu ni vigumu zaidi kumwondosha alipo na kumrudisha. Ukikihesabu kiti kinachukua muda gani kwenda na kurudi, umelipata tungamo.

Muuza mchele tumwache aendelee kusema uzito ni kilo tano. Biashara yake haidhuriki. Lakini kwenye daftari la fizikia, chini ya m tuandike tungamo, na neno uzito tulitunze kwa ajili ya W. Mtoto akikuletea jibu la uzito lenye kilogramu, usikimbilie kumkata. Muulize kwanza: ni nani anayelivuta gunia hilo, na kwa nyutoni ngapi?